Mabaki ya blichi na dai baada ya kupaka nywele nyumbani: mnamwaga wapi?

#1 MkaziWaTabata

Wakuu, habari za jioni.

Tumepanga familia nne kwenye nyumba moja hapa Tabata. Choo ni cha shimo, bafu lina bomba linaloingia kwenye karo dogo nyuma ya nyumba. Mimi na mdogo wangu tunajipaka nywele wenyewe: kwanza blichi kwenye foili mbele, halafu dai ya rangi ya shaba. Tunachanganya unga wa blichi gramu 30 na divelopa ya 20 mililita 60, na kila mara vinabaki vijiko vitatu au vinne kwenye bakuli. Hapo ongeza dai iliyobaki, glovu na rundo la foili.

Mama mwenye nyumba ametukataza kumwaga chooni wala bafuni. Anasema dawa inaua wadudu wa karo na shimo litajaa kabla ya wakati. Anataka tuitie kwenye chupa ya maji, tufunge kifuniko vizuri, tumpe mzoa taka Jumamosi. Mzoa taka naye kasema maji hachukui.

Naomba utaratibu wa kueleweka. Kipi kinamwagwa, kipi kinatupwa, na je ni kweli karo linakufa?

#2 Kidevu

Dada, saluni ipo kila kona hapo Tabata. Elfu chache unalipa, mabaki unawaachia wao.

#3 MkaziWaTabata

@Kidevu saluni nao wanamwaga mahali. Bado swali liko palepale.

#4 ShangaziWaSaluni

Mkazi, shika hili kabla hujasoma mengine yote: blichi iliyochanganywa HAIFUNGWI kwenye chupa. Na dai iliyochanganywa na divelopa vilevile. Mwambie mama kwa heshima, lakini hapo amekosea.

Ukishachanganya unga na divelopa, kazi imeanza na haisimami kwa sababu wewe umemaliza kupaka. Ile uji ya kwenye bakuli inaendelea kutoa hewa. Angalia bakuli lako baada ya nusu saa: uji umeumuka, juu una matundu madogo kama ya chapati ya maji, na ukishika bakuli chini lina uvuguvugu. Sasa hewa hiyo ukiifungia kwenye chupa inaenda wapi? Kwenye karatasi ya maelekezo ndani ya boksi la dai imeandikwa mchanganyiko uliobaki usihifadhiwe, chombo kinaweza kupasuka. Watu wengi karatasi ile wanatandika chini ili rangi isidondoke sakafuni.

Ninavyofanya mimi nikimpaka mtu nyumbani kwake: bakuli linabaki wazi, mahali penye hewa, watoto wasipofika. Naliacha kama saa moja hivi likae lipoe. Baadaye natia maji mengi, nakoroga, namwaga kwenye bomba la bafu lile lile alilosuuzia nywele, halafu nafuatisha ndoo nzima ya maji. Kwa vijiko vitatu vinne hivyo basi.

#5 Mtoto_wa_Mbagala

Mimi dai ikinigusa masikioni haitoki wiki nzima, na taulo jeupe la mama limeharibika. Naomba msaada, nimejaribu mafuta ya nazi.

#6 ShangaziWaSaluni

@Mtoto_wa_Mbagala uzi ni wa kutupa mabaki mwanangu. Masikio paka mafuta mazito KABLA ya dai, siyo baada. Taulo ndiyo limeshaenda, litumie hilo hilo kila ukipaka.

#7 Fundi_Useremala

Shangazi kasema vizuri ila kumwaga bafuni mimi sikubali. Karakana yetu rangi na vanishi iliyobaki tunaichanganya na maranda, inanyonya yote, inakuwa ngumu, unaitupa kama taka kavu. Fanyeni hivyo hivyo kwa blichi. Mzoa taka atachukua, mama mwenye nyumba atafurahi, karo salama.

#8 MwalimuWaKemia

@Fundi_Useremala wazo la kuifyonza dawa ni zuri, kitu cha kufyonzea ndicho sicho. Unga wa blichi una pasulfeti, ya potasiamu au ya amonia, mara nyingi zote mbili. Kazi yake ni kutoa oksijeni. Maranda, pumba, magazeti na vitambaa ni vitu vinavyoungua, na kitu kinachoungua kikikaa pamoja na kitu kinachotoa oksijeni, joto likianza hapo halina wa kulizuia. Sisemi kila kiganja cha maranda kitawaka. Nasema huo ni mchanganyiko ambao hakuna mtu wa maabara angeuweka kwenye pipa akaenda kulala. Na mitaa yetu pipa likijaa mtu anawasha kiberiti.

Kama unataka kuifyonza tumia mchanga mkavu. Mchanga hauungui.

Kuhusu chupa, nitoe hesabu moja tu. Ile namba 20 kwenye divelopa siyo jina la mapambo. Maana yake ni kwamba lita moja ya dawa hiyo ikivunjika yote inatoa takriban lita 20 za oksijeni. Kwa asilimia, divelopa ya 20 ina peroksaidi asilimia 6, ya 30 asilimia 9, ya 40 asilimia 12. Mkazi anatumia mililita 60 kwa mchanganyiko mzima. Tuseme theluthi moja imebaki, yaani mililita 20 za divelopa ndani ya ule uji. Hizo zinaweza kutoa karibu mililita 400 za hewa. Kwenye chupa ya nusu lita iliyofungwa, chupa itakaza na ukifungua itakurushia uji usoni, ila huenda isipasuke. Lakini kaa unakusanya mabaki ya mara nyingi kwenye chupa hiyo hiyo mpaka inafika nusu, hapo ni lita kadhaa za hewa kwenye nafasi ya robo lita. Hiyo ndiyo inayopasuka.

#9 Kidevu

Mwalimu leo umeamka na chaki. Nimeelewa lakini.

#10 DadaWaMoro

Mimi naona siyo hewa ya peroksaidi, ni amonia. Amonia ndiyo inayonuka na kuvimbisha. Sasa hivi natumia dai isiyo na amonia na kopo halijawahi kuvimba.

#11 MwalimuWaKemia

@DadaWaMoro amonia inachangia harufu, na inafanya peroksaidi ivunjike haraka kwa sababu inatia ubesi, yaani kinyume cha asidi. Ila hata dai isiyo na amonia ina kitu kingine cha besi badala yake, na divelopa ni ile ile. Usiifunge kwa kutegemea hilo.

#12 DadaWaMoro

Sawa mwalimu, ila mimi nasema nilichoona kwa macho. Miaka yote hii halijavimba.

#13 BintiMwanza

Naomba niulize hapo hapo kwenye kuvimba. Dada yangu ana lita moja ya divelopa ya 30, haijachanganywa na kitu chochote, iko kabatini, na imevimba. Kitako cha chupa kimetokeza nje mpaka chupa haisimami, inayumba. Unga hajatia. Sasa imevimbaje? Wengine nyumbani wanasema ni joto la bati.

#14 ShangaziWaSaluni

@BintiMwanza muulize dada yako jambo moja: akishapaka, divelopa iliyobaki kwenye kikombe cha kupimia huwa anairudisha kwenye chupa?

#15 BintiMwanza

Nimemuuliza. Anasema ndiyo, hataki ipotee. Na kikombe ni kile anachochovya brashi.

#16 ShangaziWaSaluni

Basi tumempata mwizi. Divelopa inakaa vizuri ikiwa safi. Likiingia tone la blichi au dai, au kutu, au uchafu wa brashi tu, inaanza kuvunjika taratibu humo ndani, siku nzima, usiku kucha. Joto la bati linaongeza kasi, kwa hiyo hao wa nyumbani wamepata nusu. Iliyomiminwa HAIRUDI kwenye chupa, hata kama ni safi kwa macho.

Chupa hiyo sasa: isitikiswe, isipelekwe juani, watoto watolewe hapo. Aitoe nje kivulini, avae glovu na miwani hata ya jua, afunike kifuniko kwa kitambaa kilicholowa maji, uso aupeleke pembeni, afungue kidogo sana mpaka asikie inapuliza. Aache ipulize yote ndipo afungue zaidi. Ikiwa imekaza kama jiwe asiiguse, aiache kivulini mbali na watu mpaka ilegee. Baada ya hapo asiitumie tena kichwani, nguvu yake haijulikani. Amimine kidogo kidogo kwenye ndoo kubwa yenye maji, siyo maji kwenye chupa, kisha amwage.

#17 Mpemba_Halisi

Salaam. Huku kwetu dai inayotumika sana nyumbani ni ile ya unga mweusi kwenye vipakiti, wanawake wanaifanya piko. Baada ya harusi vipakiti vilivyofunguliwa nusu vinabaki kwenye masinia, kwenye vikombe vya chai, mpaka uani. Naomba wataalamu mseme na hicho, kwa sababu naona mnazungumzia blichi tu.

#18 MuuguziWaZamu

@Mpemba_Halisi umegusa penyewe. Katika vyote vilivyotajwa kwenye uzi huu, blichi inaunguza, lakini huo unga mweusi ndio unaoua. Ndani yake kuna kemikali inayoitwa parafenilinidiamini, na vipakiti vya unga vinaweza kuwa nayo kwa wingi kuliko dai ya tyubu. Mtoto akiilamba au mtu akiinywa, uso, ulimi na shingo vinavimba ndani ya saa chache mpaka njia ya hewa inaziba. Akivuka hapo, mkojo unaanza kuwa mweusi au kahawia na figo zinazidiwa. Dawa yake maalumu ya kuikata hakuna, wanachofanya hospitali ni kusaidia pumzi na figo.

Kwa hiyo kikombe cha piko iliyobaki hakikai juu ya karai la vyombo usiku mzima. Unga mkavu uliobaki funga kipakiti, tia kwenye kifuko kingine, weka juu kabisa palipofungwa, au utumie umalize. Vikombe na masinia yaliyotumika yasirudi jikoni. Na ikitokea mtu kameza, msimtapishe, msingoje avimbe, kimbieni naye hospitali na KIPAKITI mkiwa nacho mkononi. Kipakiti kinatuokolea muda mwingi sana wa kubahatisha.

#19 Mpemba_Halisi

Ahsante sana muuguzi. Hili la vikombe nalipeleka kwa kina shangazi leo leo.

#20 FundiKaro

Nimesoma toka juu. Mimi kazi yangu ni kujenga na kufungua makaro, kwa hiyo niseme la mama mwenye nyumba. Hajatunga. Wadudu wa karo wapo kweli, wadogo wasioonekana, ndio wanaokula uchafu mpaka unapungua. Ukiwaua karo linajaa na linanuka.

Lakini karo nililowahi kukuta limekufa halikufa kwa nywele. Limekufa kwa jiki. Watu wanamwaga chupa nzima ya jiki kila wikiendi, halafu wananipigia simu. Vijiko vinne vya blichi vikiingia kwenye karo la lita elfu kadhaa ni tone. Tena fikirini: ile dawa iliyokuwa kichwani mlioshea wapi? Si bafuni hapo hapo? Sehemu kubwa ya dawa imeshaingia karoni kabla hamjaanza kugombania bakuli.

#21 MkaziWaTabata

@FundiKaro hilo la mwisho sikuwa nimelifikiria. Kwenye mililita 60 tunazotumia, nyingi kweli zinaenda na maji ya kuoshea kichwa.

#22 BabaKisima

Msiharakishe kukubali. Mimi kwangu Kigamboni maji yako karibu na uso wa ardhi, nimechimba kisima uani. Jirani ana shimo la choo lisilojengewa chini, mchanga mtupu. Anachomwaga yeye nakunywa mimi. Mtu akisema tone, tone la nani? Nyumba 10 zikipaka kila mwezi ni tone bado?

#23 FundiKaro

@BabaKisima kisima uani pembeni ya shimo la jirani, nywele ndiyo tatizo lako la mwisho kaka. Kinyesi kinakufikia kabla ya dai. Pima maji hayo.

#24 BabaKisima

Nitapima. Hoja yangu lakini haijajibiwa.

#25 MwalimuWaKemia

Hoja ya BabaKisima ina uzito upande mmoja. Tutenganishe vitu viwili. Peroksaidi ikifika kwenye uchafu haidumu. Vile viumbe vya karoni vina kimeng'enya kinachoivunja papo hapo ikawa maji na oksijeni. Aliyewahi kumwaga divelopa kwenye shimo la choo ameona povu jeupe linapanda. Hilo povu ndiyo mwisho wake.

Dai ni habari nyingine. Kemikali za rangi kabla hazijaiva ni sumu kwa samaki na viumbe vya majini. Zikishachanganywa na divelopa na kuachwa wazi, zinaendelea kushikana zenyewe kwa zenyewe na kuwa rangi nzito. Kwa hiyo dai iliyobaki ni afadhali uiache bakulini saa moja mpaka iwe nyeusi kabisa kuliko kuimwaga ikiwa bado nyeupe au ya maziwa. Kinachofika kwenye maji ya ardhini baada ya hapo kinategemea udongo, umbali na kina. Nisingependa kumwaga hata hiyo kwenye shimo lililo hatua chache kutoka kisimani. Kwa BabaKisima mimi ningechukua njia ya mchanga.

#26 Kidevu

Lile povu mimi nilidhani ni sabuni.

#27 DadaWaMoro

Hata mimi nasema ni sabuni. Divelopa ya krimu ina kitu cha kutoa povu ndani yake, soma kopo.

#28 MwalimuWaKemia

Inaweza kuwa vyote viwili. Hewa inatoka, sabuni inaishika, povu linadumu.

#29 FundiKaro

Na mimi nimeona povu hilo hilo kwa jiki, wadudu wakiwa wanakufa. Kwa hiyo povu peke yake lisiwape amani.

#30 Neema_wa_Hamburg

Habari za huko. Huku Ujerumani manispaa zina vituo, na sehemu nyingi kuna gari linalopita kwa ratiba kupokea taka zenye kemikali: rangi za ukuta, betri, dawa za bustani. Dai na divelopa ambayo hukuitumia unapeleka pale. Tyubu tupu na glovu zinaingia kwenye pipa la kawaida. Kwa nini msidai huduma hiyo huko?

#31 MkaziWaTabata

@Neema_wa_Hamburg gari hilo likipita Tabata nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Kwa sasa tuna mkokoteni wa Jumamosi.

#32 MjumbeMstaafu

Kisheria jukumu la taka ngumu liko kwa halmashauri, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imewapa. Siyo la kukimbilia NEMC kwa bakuli la nyumbani. Ila jueni taka za Dar zinakoishia. Nyingi zinaenda Pugu Kinyamwezi, na pale kuna watu wanachambua kwa mikono, bila glovu. Mnachofunga nyumbani wao wanakifungua.

Na mtaro wa barabarani msimwage kabisa. Mtaro siyo mfereji wa maji taka. Ya Tabata mengi yanaishia mto Msimbazi, hayapiti popote pa kusafishwa.

#33 MkaziWaTabata

Hapo kwa wachambuaji ndipo nataka kusikia kuhusu foili na glovu. Kwa sasa tunazikunja foili na blichi yake ndani, tunafunga kwenye mfuko mmoja na glovu.

#34 ShangaziWaSaluni

Foili zikikunjwa na blichi mbichi ndani, zikirundikwa pamoja na mfuko ukafungwa, lile rundo linapata joto. Weka mkono juu ya mfuko baada ya muda utalisikia. Na blichi ikikauka kwenye foili haijafa, imelala. Huyo mchambuaji wa Pugu akiishika na mikono yenye jasho, au mvua ikinyesha, inaamka na inamuwasha.

Mimi kila foili ninayotoa kichwani naifungua, naidondosha kwenye beseni lenye maji. Mwisho nasuuza zote kwa mkupuo, maji yanafuata njia ile ya bafuni, foili nazikung'uta, nazianika dakika kidogo, ndipo nazifinyanga donge moja. Unatumia maji ya ndoo moja kwa kichwa kizima. Foili hiyo hairudi kufunikia chakula hata ikisuuzwa mara kumi, maana imeshatobolewa na dawa na mikunjo inaficha.

Glovu: shika ya kushoto kwenye kifundo, ivute ikigeuka ndani nje, ibaki ndani ya ngumi ya kulia. Halafu ya kulia nayo igeuze juu yake. Dawa yote inabaki ndani ya kifuko cha glovu yenyewe. Lakini zisuuze kwanza zikiwa bado mkononi, kama unanawa.

#35 Fundi_Useremala

Foili si ni alumini? Muuzieni mnunua chakavu.

#36 Kijana_wa_Skrepa

@Fundi_Useremala foili sisi hatuichukui. Nyepesi mno, kilo moja ni gunia, na tukiiyeyusha inaungua inabaki majivu mengi. Leteni sufuria na makopo. Makopo ya divelopa ya plastiki ngumu wapo wanaoyanunua, ila wanataka yaliyosuuzwa.

#37 MuuguziWaZamu

Hayo makopo jamani myatoboe. Nimeona chupa ya divelopa ya maji, siyo ya krimu, ile inayofanana kabisa na maji ya kunywa, imesuuzwa juu juu na kugeuzwa ya kuwekea juisi ya mtoto. Na duka la kupimia nalo linawatilia watu divelopa kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na lebo. Hiyo ikikaa kwenye friji nani atajua?

#38 Mama_Ubungo

Kuchoma je? Sisi taka zote tunachoma nyuma ya nyumba kila Jumapili.

#39 MwalimuWaKemia

@Mama_Ubungo foili haitaungua kwenye moto wa taka, utaikuta kesho humo humo kwenye majivu. Glovu za mpira na za plastiki zinatoa moshi mbaya wa kuvuta. Na unga wa blichi ukiingia kwenye moto unaulisha, moto unaruka ghafla. Pakiti yenye unga uliobaki isifike kabisa kwenye jiko wala kwenye jalala la kuchoma.

#40 Mama_Ubungo

Sasa huo unga uliobaki kwenye pakiti naupeleka wapi? Nina nusu pakiti toka Krismasi, mimi na blichi basi, nywele zimekatika.

#41 ShangaziWaSaluni

Pole. Kama haujapata unyevu na haujaganda, funga mdomo wake vizuri umpe mwenye saluni, ataupokea kwa mikono miwili. Unga mkavu unafungwa, ni mchanganyiko tu usiofungwa. Kama umeganda mabonge, jaza ndoo maji, simama upande upepo unakotokea, mwaga unga taratibu ukiwa karibu na uso wa maji usitimke vumbi, koroga kwa kijiti mpaka uyeyuke, mwaga. Usidondoshe maji machache juu ya unga, utachemka.

Na mwenye pumu asifanye kazi hiyo. Vumbi la blichi limewatoa mafundi wengi kazini, kifua kinaanza kubana polepole mpaka mtu hawezi kuingia saluni.

#42 Mtoto_wa_Mbagala

Mimi bafuni nikimaliza vigae vinabaki na madoa ya dai, namwagia jiki hapo hapo yanatoka yote. Hiyo ni njia nzuri kwa anayehofia mwenye nyumba kuona.

#43 MuuguziWaZamu

USIFANYE HIVYO. Dai nyingi zina amonia. Amonia na jiki vikikutana vinatoa hewa inayochoma macho na mapafu, na wewe uko kwenye bafu lenye dirisha dogo kama kitabu. Ukisikia macho yanawasha na kikohozi kinakuja, toka nje kwanza, mambo ya madoa baadaye.

Suuza sakafu kwa maji mengi na sabuni ya kawaida doa likiwa bichi. Jiki kama ni lazima, siku nyingine kabisa, dawa zote zikiwa zimeshaondoka.

#44 Mtoto_wa_Mbagala

Kumbe ndiyo maana huwa nakohoa. Nashukuru muuguzi.

#45 FundiKaro

Na hiyo jiki ndiyo inayoua karo, nilisema.

#46 MkaziWaTabata

Jana tulipaka, nikafuata mliyosema. Safari hii tulianza na gramu 15 na mililita 30, ilipopungua tukachanganya kidogo tena, ikabaki kijiko kimoja tu. Foili kwenye beseni, glovu zimegeuzwa. Kile kijiko nimekiacha bakulini nje juu ya ukuta, asubuhi nikakitia maji na kukimwaga bafuni na ndoo nzima.

Nimemsomea mama mwenye nyumba bandiko la ShangaziWaSaluni kuhusu chupa. La chupa kakubali. La karo hajakubali, anasema fundi wake wa zamani alimwambia tofauti.

#47 BabaKisima

Yuko sahihi kutokubali. Mwambie atumie mchanga.

#48 FundiKaro

Huo mchanga ukiloa dawa nao unautupa wapi @BabaKisima? Mvua ya kwanza inauosha unarudi ardhini kwako.

#49 BabaKisima

Unakauka kwanza, dawa imeshavunjika, unaingia kwenye mfuko wa taka. Hauachwi uani.

#50 MwalimuWaKemia

Peroksaidi itakuwa imevunjika, ndiyo. Pasulfeti inaweza kubaki kwenye mchanga huo. Uloweshe kwanza, uuache wazi siku mbili tatu, usiuchanganye na karatasi kwenye mfuko.

#51 Mama_Ubungo

Shangazi, huo unga wangu haujaganda. Uko Ubungo ipi nikuletee?